Baba hataki Muganda, na habari ya mtoto bado hajaisikia

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni binti wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, nina miaka 27, nafundisha shule ya msingi Wobulenzi. Kuna kijana anataka kunioa. Ni Muganda, Mwislamu wa kuzaliwa, kwao Kibibi, Butambala, na ana kibanda cha kutengeneza simu Kawempe. Wazee wake walipoleta barua ya kuomba kuja kukyala, ile ziara ya Kiganda ya kujitambulisha kwa wakwe, baba aliirudisha bila kuifungua. Alisema, "Huyo si mtu wetu, na kufungua simu si kazi." Tangu siku hiyo kati yetu ni salamu tu. Hajanitajia mwanamume mwingine.

Baba alikuwa kijana mwaka 1979 familia ilipokimbia Bombo mpaka Sudan. Waliporudi waliikuta nyumba haina hata bati moja. Hayo hapendi kuyazungumza.

Nimeamua kumwandikia, maana nikikaa mbele yake nalia. Nimejaza kurasa nne. Humo nimesema: "Baba, mimi ni mtu mzima, nina haki ya kuchagua." Na: "Dini yetu haijui kabila." Na: "Wewe mwenyewe ulimuoa mama, naye ni Mlugbara."

Kuna jambo sikuliandika. Kijana huyu aliwahi kuoa, wakaachana, na ana binti wa miaka minne anayelelewa na bibi yake Kibibi. Baba hajui. Nilifikiri nimwambie akishakubali. Je, barua niipeleke ilivyo? Nimtumie kwa Watsapu au nimpe mkononi?

Binti wa Bombo

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Usiipeleke ilivyo. Na tusianze na maneno uliyoyaandika, tuanze na lile uliloliruka.

Leo baba yako ana sababu mbili, kabila na kazi. Zote mbili mzee mwenye busara anaweza kukaa naye akazipunguza makali. Siku atakayosikia habari ya mtoto kutoka mdomo mwingine, atakuwa na sababu ya tatu, na hiyo itakuwa ya kweli: kwamba mlimficha. Na ataisikia tu. Mtoto ana mama, mama ana ndugu, na ndugu hao wanaswali, wanazika, wanakwenda harusini na Waislamu wenzao wa Kampala na Luwero. Mzee yeyote akiletewa posa hutuma mtu akaulize. Huyo mtu akifika Kibibi, nyumba ya kwanza atakayoonyeshwa ndiyo hiyo yenye mtoto. Hapo hata wale waliokuwa wakikutetea watanyamaza, na watakuwa na haki.

Lakini kabla hujaliandika, hakikisha wewe mwenyewe unalijua. "Waliachana" ni neno pana mno. Wapo walioachana kwa kugombana tu, mke akarudi kwao na vyombo vyake, wala hakuna aliyetamka talaka. Muulize kijana aliacha mbele ya nani, talaka ngapi, na karatasi iko wapi. Hapa Uganda sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ipo tangu mwaka 1906, na inataka talaka isajiliwe kama inavyotaka ndoa isajiliwe. Kwa hiyo kuomba karatasi si kumdhalilisha. Kama talaka ilikuwa moja au mbili, mume ana nafasi ya kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, au mpaka ajifungue kama alikuwa na mimba. Ikiwa ni zamani na eda imekwisha, mlango huo umefungwa, hawezi kumrudia ila kwa ndoa mpya. Lakini kama hakuna talaka, elewa kwamba unaombwa uwe mke wa pili, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa na baba yako. Jingine la kuuliza ni nani anamnunulia mtoto huyo maziwa na viatu. Mwanamume anayepeleka matunzo kila mwezi ataweza kukuonyesha meseji za pesa alizotuma kwa simu. Asiyepeleka atakuwa na hadithi ndefu.

Ukishayajua hayo, rudi kwenye kurasa zako nne.

"Nina haki ya kuchagua." Ndiyo, unayo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 31, inasema ndoa ni ya mtu aliyefika miaka 18, na iwe kwa hiari ya wanaooana. Mngetaka ndoa ya kiserikali mngekwenda kwa msajili, tangazo likabandikwa siku 21, na baba yako angelisoma pale kama mpita njia mwingine yeyote. Lakini si hiyo unayoitaka. Unataka nikahi, na Waislamu wengi wa Uganda tunafuata madhehebu ya Shafii, ambamo mwanamke haozwi bila walii. Baba yako ndiye walii wako wa kwanza. Maana yake humwombi baraka tu, ambazo mtu anaweza kuzitoa akiwa amenuna. Unamwomba kazi: akae mkekani atamke yeye mwenyewe kwamba amekuoza, au amtume mwingine atamke kwa niaba yake. Mtu humwandikii kwamba humhitaji halafu ukurasa unaofuata ukamwomba kazi ambayo yeye ndiye wa kwanza kuifanya. Hiyo sentensi ifute.

"Dini yetu haijui kabila." Hii ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inasikika vizuri. Baba yako akiwa na rafiki sheikh, atafunguliwa mlango wa ukufu katika vitabu vya fikihi, na humo atakuta wanazuoni wa kale wakijadili nasaba, na hata kazi ya mwanamume, wakiuliza kama anamfaa mke na jamaa zake. Atarudi na kitabu mkononi, nawe huna kitabu. Kinachokusaidia kimo humo humo: ukufu ni haki ya mke na walii wake, na wao wakiridhia wanaweza kuiacha. Ipo pia ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi, ya kwamba akikujieni mnayeridhia dini yake na tabia yake, muozesheni. Lakini yote hayo mwachie imamu ayaseme. Binti akimsomesha baba yake dini kwenye barua, mzee hasikii hadithi, anasikia jeuri.

"Wewe mwenyewe ulimuoa mama, naye ni Mlugbara." Ni kweli tupu, na nakubali nilicheka. Ifute. Si hoja yako hiyo, ni ya dada yake baba. Shangazi yako alikuwepo mama yako alipoletwa nyumbani, anajua nani alikataa kula siku ile na nani alisema huyu si mtu wetu. Yeye akiisema barazani mbele ya kahawa, itakuwa utani wa ndugu wawili, na baba yako huenda akatabasamu. Ikitoka kwako ni mashtaka, tena inamwingiza mama yako katikati bila kuulizwa.

Sasa hilo la 1979. Wewe hukuliandika kabisa, nami nadhani ndilo lililoirudisha ile barua. Amin alipoanguka, Aprili ya mwaka ule, Wanubi walihesabiwa wote kuwa watu wake, askari na asiye askari, mpaka wanawake wafuma vikapu. Kijana aliyeikimbia Bombo akarudi kukuta kuta bila bati, akiambiwa leo aketi na wazee wa Kiganda wazungumze udugu, kuna swali analo ambalo hawezi kuliuliza mbele ya wageni: hawa walikuwa wapi siku ile? Usimwambie ni ya zamani. Usimwambie pia kwamba watu wa Kibibi si wale, kwa sababu hujui, na yeye atajua kwamba hujui. Mpe kitu cha kuulizia. Waganda hujitambulisha kwa ukoo na kwa jina la babu, basi andika ukoo, jina la babu yake kijana, kijiji, na msikiti anaoswali. Butambala ni kaunti ya Waislamu tangu enzi za vita vya dini vya Buganda, na mzee wa miaka yake hatakosa mtu anayemfahamu huko. Mwache aulize kwa njia zake. Atakachokigundua mwenyewe atakiamini kuliko utakachomwambia wewe.

Kuhusu kazi ya simu usibishane, taja tu alichonacho: kibanda ni cha kupanga au chake, ana vijana wangapi anaowafundisha, analipa kodi ya nyumba wapi. Mistari miwili inatosha.

Halafu omba jambo moja, tena dogo. Barua yako inaomba akubali ndoa. Hiyo ni mbali mno kwa mtu ambaye hata bahasha hakuifungua. Muombe ampokee mzee mmoja wa upande wa pili, peke yake, bila kijana, bila zawadi, bila wewe kuwepo, na bila kuahidi chochote. Kukyala kuna ssenga, yaani shangazi wa binti, kuna wageni na vifurushi, na mzee akishawakaribisha watu hao ni kama amekwisha kusema ndiyo nusu. Ndiyo maana aliikataa. Mzee mwenzake akija kunywa chai, baba yako hapotezi kitu.

Mimi ningeiandika hivi. Badilisha maneno yawe yako, lakini mpangilio usiubadilishe.

"Baba, shikamoo. Asalaam aleikum.

Nakuandikia kwa sababu nikikaa mbele yako machozi hunitangulia, na sitaki ufikiri nalia ili unionee huruma.

Kijana ambaye barua ya wazee wake uliirudisha, kuna jambo lake ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Aliwahi kuoa. Alimpa mkewe talaka moja, na eda ilikwisha zamani. Karatasi nimeiona kwa macho yangu. Ana mtoto wa kike wa miaka minne, yuko kwa bibi yake Kibibi, na yeye ndiye anayemtunza. Ukitaka karatasi hiyo uione, italetwa.

Yeye ni wa ukoo huu, babu yake ni fulani wa kijiji hiki, anaswali msikiti huu. Nimeyaandika ili uulize kwa watu unaowaamini wewe. Chochote watakachokuambia, nitakisikiliza nikiwa nimekaa.

Kibanda chake amekipanga, ana vijana wawili anaowafundisha kazi, na chumba anacholala anakilipia mwenyewe.

Baba, najua yaliyoipata nyumba yetu mwaka 1979 kwa kuyasikia tu. Wewe uliyaona. Sikuombi uyasahau, wala sitakuuliza zaidi ya utakayopenda kuniambia.

Nimemchagua kwa sababu katika muda wote niliomjua sijamwona akimdhulumu mtu malipo yake, na nilipomuuliza habari ya mtoto wake hakunificha. Sijafanya jambo lolote la kukuaibisha, wala sitaolewa kwa siri.

Ombi langu ni moja. Baba yake mkubwa angependa kuja kukusalimu, peke yake. Kijana hatakuja, wala mimi sitakuwepo. Umpokee mzee mwenzako, umuulize lolote. Ukimaliza ukaona jibu lako ni lile lile, niambie sababu, nami nitakusikiliza.

Mwanao."

Nimeiandika kama kwamba karatasi ya talaka umekwisha kuiona na majibu yote yamekuwa mazuri. Kama hujaiona, usiandike umeiona. Ile ahadi kuhusu siri nayo usiitie kama huimaanishi, maana baba yako ataisoma mara nyingi kuliko mistari mingine. Na utaona neno mapenzi halimo. Si kwamba ni aibu. Ni kwamba mzee hawezi kwenda kuulizia mapenzi yenu Kibibi, lakini kama kijana amewahi kumdhulumu mteja fundi mwenzake wa Kawempe atamwambia.

Watsapu hapana. Ujumbe wa simu unasomwa umesimama, katikati ya kelele za barabara, na kidole kikiteleza tu umekwisha fika kwa wajomba wote waliomo kwenye kundi la familia. Tena anayetuma hukesha akiangalia kama zile alama mbili zimekuwa za buluu. Andika kwa mkono, karatasi moja, kurasa mbili zisizidi, herufi kubwa kama macho yake yamechoka. Mpe shangazi yako aipeleke, na umsomee kwanza yeye, kwa sababu ndiye atakayeulizwa "wewe ulijua?" Asiipeleke Ijumaa nyumba ikiwa na wageni. Aipeleke jioni ya siku ya kawaida, baada ya chakula, aiweke, aage aondoke. Asikae kumtazama akisoma.

Kisha nyamaza. Endelea na salamu, chai yake mpelekee kama kawaida, wala usimuulize kama amesoma. Kijana naye awazuie watu wake wasilete barua nyingine, maana barua mbili kwa pamoja zitaonekana ni njama.

Akikataa hata huyo mzee mmoja, swali litakuwa ni kwa sababu gani. Akisema aliulizia Kibibi akaambiwa kijana hupiga wake, au hamtunzi mtoto, hilo ni jibu la baba anayefanya kazi yake ya uwalii, na mimi nitakuambia umsikilize. Lakini akisema tu "ni Muganda, basi", hapo fikihi ina jina la kitendo hicho, adhli, yaani walii kumzuia mwanamke asiolewe na anayemfaa bila sababu ya sheria. Aya ya 232 ya Sura ya Baqara iliteremka juu ya sahaba aliyeitwa Maqil bin Yasar, aliyeapa kutomrudisha dada yake kwa mume aliyemwacha, ilhali wao wawili walikwisha kuridhiana. Alipoisikia aya alimuozesha. Katika Shafii, ikithibitika kwamba walii anazuia hivyo, uwalii humwendea kadhi. Kadhi wa wilaya hatakuozesha kesho yake. Atamwita baba yako, atamsikiliza, ataangalia kama kijana kweli anakufaa, na ile talaka ataidai mezani. Atauliza pia kama baba amekuletea mwanamume mwingine anayefaa, kwa sababu katika madhehebu yetu, kwa binti ambaye hajawahi kuolewa, chaguo la baba la namna hiyo lina uzito mkubwa kuliko lako. Vizuri ulinitajia kwamba hajaleta. Basi habari za kadhi zisiwemo katika barua hii hata kwa kudokeza. Mzee akiona unalo baraza la kumpeleka, hatakuwa tena anajibu ombi la binti yake.

Kwanza karatasi ya talaka. Muombe kijana wiki hii, na utazame anavyoitikia ukiiomba. Akikuletea, nakili barua yako upya uende kwa shangazi yako. Akianza kukuambia ilipotea, au iko kwa mjomba ambaye amesafiri, usimpe shangazi chochote. Niandikie mimi kwanza.

Shangazi